Moja Gawanya kwa Umbali: Kamera ya Mkononi na Fokasi katika Katuni Bapa

Shoti ninayotaka kuieleza ina urefu wa sekunde nne tu. Mama anakaanga samaki katika soko la samaki la Bagamoyo. Mbele yake nyavu zimeanikwa kwenye kamba. Nyuma yake ngalawa imelala mchangani kwa kuwa maji yamekupwa. Na nyuma ya ngalawa ni bahari na jua la asubuhi, ambalo huku kwetu huchomoza upande wa baharini. Mama anasikia anaitwa, anageuza kichwa, na kamera iliyokuwa ikimtazama yeye inahamisha macho yake na kuitazama ngalawa. Katika filamu ya kawaida jambo hili hufanywa na mtu mmoja aliyeshika kamera na mwenzake anayezungusha pete ya fokasi. Katika katuni bapa hakuna kamera, hakuna lenzi, wala hakuna umbali: kuna karatasi nne zilizochorwa na kupangwa moja juu ya nyingine, na zote ziko mahali pamoja kabisa.

Kazi ya mchoraji ni kumfanya mtazamaji asahau hilo. Wengi hulifanya kwa kukisia. Wanaweka mtikisiko kidogo, wanaweka ukungu kidogo kwenye tabaka la nyuma, wanatazama, wanaongeza. Matokeo huwa na kasoro ambayo mtazamaji hawezi kuitaja lakini anaihisi, kwa sababu mtikisiko unasema ngalawa iko mbali wakati ukungu unasema iko karibu. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba vitu vyote vitatu, yaani kuyumba kwa mkono, kuhama kwa fokasi na ukungu wa kina, vinatokana na namba moja tu ambayo kila tabaka linapaswa kupewa kabla hujagusa kitu kingine: moja ikigawanywa kwa umbali wa tabaka hilo kutoka kwenye kamera. Nitaiita gawio.

Tuanze basi kwa kuyapa matabaka umbali. Nyavu ziko mita 1 kutoka kwenye kamera, kwa hiyo gawio lake ni 1. Mama yuko mita 3, gawio 0.333. Ngalawa iko mita 12, gawio 0.083. Bahari na mbingu viko mbali kiasi kwamba gawio lake tunalihesabu kuwa sifuri. Tazama jinsi namba hizi zilivyokaa: kutoka kwa mama hadi kwenye ngalawa ni mita 9, lakini gawio linapungua kwa 0.25 tu, ilhali kutoka kwenye nyavu hadi kwa mama ni mita 2 na gawio linapungua kwa 0.667. Lenzi haihesabu mita kama tunavyozihesabu sisi tunaotembea kwa miguu. Kwake yeye, mita mbili za karibu ni safari ndefu kuliko bahari yote iliyo nyuma ya ngalawa.

Sasa tuchague kamera ya kubuni, kwa sababu bila hiyo namba hazina pa kushika. Nimechagua kihisio chenye upana wa milimita 36, lenzi ya milimita 50 ambayo tundu lake la kupitisha mwanga limefunguliwa hadi f/2, na fremu ya pikseli 1920 kwa 1080. Kwa kamera hiyo, kipenyo cha ukungu wa kitu chochote, kwa pikseli, ni takriban 67 mara tofauti kati ya gawio la kitu hicho na gawio la mahali palipo na fokasi. Namba 67 haikutoka hewani: ni urefu wa lenzi ukizidishwa kwa wenyewe (2500), ukagawanywa kwa 2 ya f/2 na kwa 1000 kwa kuwa umbali tunauhesabu kwa mita, kisha ukageuzwa kuwa pikseli kwa kuwa kila milimita ya kihisio imebeba pikseli 53.3. Ukifunga tundu la lenzi hadi f/4, 67 inakuwa 33. Ukibaki na f/2 lakini ukachukua lenzi ya milimita 35, inakuwa 33 vilevile. Ndiyo sababu picha zilizopigwa kwa lenzi pana huwa na ukungu mdogo hata tundu likiwa wazi.

Fokasi ikiwa kwa mama, ngalawa inapata 67 mara 0.25, yaani pikseli 17. Mbingu inapata 22. Nyavu zinapata 45. Hapo ndipo wengi hukosea bila kujua: wanaiwekea mbingu ukungu mkubwa kuliko vyote kwa sababu iko mbali kuliko vyote, na nyavu wanazigusa kidogo tu. Kwa lenzi halisi, ukungu wa nyuma una kikomo. Baada ya ngalawa, unaweza kwenda hadi Unguja na kupita, ukungu hautaongezeka zaidi ya pikseli sita. Ukungu wa mbele hauna kikomo, na kila hatua ya kukaribia kamera huuzidisha. Shoti ambayo mbingu yake imekuwa uji na nyavu zake zinaonekana kila fundo haifanani na kitu chochote ambacho jicho limewahi kuona kupitia kioo.

Mtikisiko nao unafuata namba ileile, lakini kwa nusu tu, na nusu hiyo ndiyo inayochanganya watu. Mkono wa mtu hufanya mambo mawili kwa pamoja: unaizungusha kamera na unaihamisha. Kamera ikizunguka pale ilipo, ikitazama kidogo kushoto au kidogo juu, matabaka yote yanahama kwa kiasi kilekile, yawe karibu au mbali. Kwa lenzi yetu, sehemu moja ya tano ya digrii inahamisha picha nzima kwa pikseli 9. Kamera ikihamishwa bila kuzunguka, kama mtu aliyesimama anapoyumba kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kila tabaka linahama kwa kadiri ya gawio lake: sentimita moja ya kuyumba inasogeza nyavu kwa pikseli 27, mama kwa 9, ngalawa kwa 2, na mbingu haisogei hata kidogo.

Katika kamera ya mkononi, sehemu kubwa ya kile tunachokiita mtikisiko ni mzunguko. Kwa hiyo asili ya mtikisiko lazima iwekwe mahali pamoja, kwenye tabaka tupu ambalo matabaka mengine yote yamefungwa kwake, wala isiwekwe kwenye tabaka moja moja. Nimewahi kupokea faili ambalo kila tabaka lilikuwa na mtikisiko wake wa nasibu, na soko lote lilionekana kama mapambo ya karatasi yaliyotundikwa kwenye kamba wakati wa upepo. Juu ya mzunguko huo wa pamoja ndipo unapoongeza kuyumba, mwendo mdogo na wa polepole ambao kila tabaka huupokea kwa gawio lake. Ni huko kuyumba ndiko kunakomwambia mtazamaji kwamba kati ya nyavu na mama kuna hewa.

Swali linalofuata ni mtikisiko wenyewe uwe wa namna gani. Kosa la kwanza la kila mwanafunzi, nami nililifanya, ni kutoa namba ya nasibu kwa kila fremu. Kwa fremu 24 kwa sekunde hiyo ina maana kwamba picha inaruka mara 24 kila sekunde, kila mruko ukiwa haujui uliotangulia ulielekea wapi. Hakuna mkono wa namna hiyo. Mkono ulioshika kamera una uzito, na uzito haugeuki ghafla. Siku moja nilimwonyesha kaka mmoja jirani yangu pale Dunda, ambaye amepiga video za harusi kwa miaka mingi, nikijisifu kwamba nimepata kamera ya mkononi.

“Mdogo wangu,” akaniambia, “hii siyo mkono. Huyu mtu yuko juu ya bodaboda kwenye kokoto.”

Nikamwuliza, “Sasa kaka, mkono ukoje?”

Hakunijibu kwa maneno. Aliwasha kamera yake, akaielekeza kwenye kona ya mlango na kurekodi dakika nzima huku amesimama kimya, kisha tukaitazama kona ile kwenye kompyuta, fremu moja baada ya nyingine. Ilikuwa inapanda na kushuka taratibu pamoja na pumzi yake, mara moja katika kila sekunde tatu au nne. Juu ya mwendo huo mkubwa kulikuwa na masahihisho madogo ya haraka zaidi: kamera inateleza kidogo, mkono unagundua, unairudisha, unapitiliza, unairudisha tena. Na mara chache, bila mpangilio, kulikuwa na utulivu kamili wa nusu sekunde. Kona ile ya mlango imenifundisha zaidi ya maelezo yoyote, na kila ninapopata shoti ya aina mpya bado ninamwomba mtu anirekodie kona yake.

Kwa hiyo tunahitaji nasibu laini, ile ambayo kila thamani inatoka taratibu kwenye iliyotangulia, na tunahitaji angalau tabaka mbili zake. Katika After Effects, programu ninayounganishia matabaka, amri ya `wiggle` inatoa nasibu ya aina hiyo. Namba ya kwanza ni mara ngapi kwa sekunde, ya pili ni pikseli ngapi. Kwenye mahali pa tabaka tupu, ambalo nimelipa jina MKONO, naandika hivi:

```
polepole = wiggle(0.4, 12);
haraka = wiggle(2.5, 3);
polepole + haraka - value
```

Kutoa `value` mwishoni ni lazima, kwa kuwa kila `wiggle` tayari imebeba mahali pa asili, na bila kutoa tabaka litarukia nje ya fremu. Jumla ya pikseli 15 ni sawa na theluthi moja hivi ya digrii kwa lenzi yetu, na hicho ni kiasi cha mtu aliyetulia. Utagundua kwamba mtikisiko wa haraka ni robo tu ya ule wa polepole. Uwiano huo una maana kubwa kuliko ukubwa wenyewe: ukiugeuza, mtu anayeshika kamera anakuwa na homa. Mtu anayetembea ni habari nyingine, kwa kuwa hatua si nasibu hata kidogo. Zinakuja karibu mbili kwa sekunde, yaani kishindo kimoja kila fremu 12, nacho kinashuka haraka na kupanda polepole, kwa hiyo ni bora kukichora kwa mkono kuliko kukitarajia kutoka kwenye `wiggle`.

Kuna kuinama pia, pale picha inapolalia upande mmoja. Robo ya digrii inatosha. Jambo la kuangalia ni mahali pa egemeo, kwa sababu programu huliweka katikati ya fremu, na picha inayozunguka kwa katikati yake inafanana na usukani. Kamera iliyoshikwa mkononi huzungukia kiwiko au bega, ambavyo viko chini ya picha. Shusha egemeo hadi chini ya ukingo wa fremu na kasoro itaondoka.

Kuyumba tunakuandika kwenye kila tabaka. MKONO inabeba kitelezi kinachoitwa `Yumba_sm`, ambacho nakipa `wiggle(0.2, 1.5)`, na kila tabaka linabeba kitelezi chake cha `Umbali` kwa mita. Mbingu naipa mita 10000:

```
yumba = thisComp.layer("MKONO").effect("Yumba_sm")("Slider");
umbali = effect("Umbali")("Slider");
value - [27 * yumba / umbali, 0]
```

Alama ya kutoa ipo kwa sababu kamera ikienda kulia, vitu huenda kushoto. Ukiisahau kwenye tabaka la nyavu peke yake, nyavu zitakwenda kinyume na matabaka mengine, na macho yatachoka bila kujua sababu.

Baada ya hayo fokasi inakuwa rahisi kuliko watu wanavyodhani, mradi usiihamishe kwa mita. Jaribio la kwanza la kila mtu ni kuweka kitelezi cha umbali wa fokasi kwenye mita 3, kisha mita 12 sekunde moja baadaye, na kuiacha kompyuta ijaze katikati. Kompyuta itapita mita 7.5 katikati ya safari. Gawio la mita 7.5 ni 0.133, maana yake ni kwamba asilimia 80 ya mabadiliko ya ukungu yameshakwisha katika nusu ya kwanza, na nusu ya pili inafanya kazi ndogo iliyobaki. Mtazamaji anaona fokasi ikifyatuka kutoka kwa mama kisha ikijivuta kuelekea ngalawa. Safari ya kurudi inaonyesha kinyume chake, inaanza kwa uvivu na kumalizia kwa kukurupuka. Wengi hujaribu kuliponya hilo kwa kupinda mistari ya mwendo saa nzima, ilhali dawa ni kuhamisha gawio lenyewe: kutoka 0.333 hadi 0.083, na katikati ya safari fokasi itakuwa kwenye mita 4.8, pale ambapo ukungu wa mama na wa ngalawa ni sawasawa. Pete ya lenzi halisi nayo huenda karibu na hivyo. Ndiyo sababu alama za mita zilizochorwa juu yake hubanana kadiri zinavyoelekea mbali.

Kitelezi cha `Fokasi` kwenye MKONO kinabeba basi gawio, siyo mita, na ukungu wa kila tabaka unajihesabu wenyewe:

```
fokasi = thisComp.layer("MKONO").effect("Fokasi")("Slider");
umbali = effect("Umbali")("Slider");
67 * Math.abs(fokasi - 1 / umbali) / 2
```

Mgawanyo wa mwisho kwa 2 upo kwa kuwa athari ya `Camera Lens Blur` inaomba nusu kipenyo. Usiiamini programu yoyote katika hili kabla ya kupima: weka doa moja jeupe kwenye tabaka jeusi, litie ukungu wa 20, halafu uhesabu upana wa duara linalotokea. Kuna mtego mwingine unaofanana na huo. After Effects huweka athari kwanza na kupunguza ukubwa wa tabaka baadaye, kwa hiyo mchoro uliochorwa kwa ukubwa mara mbili na kupunguzwa hadi asilimia 50 utaonyesha nusu tu ya ukungu uliouomba.

Nani anaihamisha fokasi, na lini? Katika shoti yetu mama anageuza kichwa kuanzia fremu ya 40 hadi ya 46. Anayezungusha pete ni binadamu aliyekuwa akimtazama mama, kwa hiyo hawezi kuanza kabla yake. Naanza fremu ya 46. Nafika fremu ya 62, lakini sifikii 0.083 bali napitiliza hadi 0.05, kisha narudi 0.083 kwenye fremu ya 70. Ukisoma kwa mita, 0.05 ni mita 20, na kupitiliza kwa mita 8 kunaonekana kuwa uzembe mkubwa. Kwa pikseli ni ukungu wa 2 tu kwenye ngalawa, kiasi cha kulainika kidogo na kukaza tena. Mwenye macho makali ataona, na wengine watahisi tu kwamba kulikuwa na mtu.

Lenzi nyingi huvuta pumzi wakati fokasi inapohama, yaani ukubwa wa picha hubadilika kidogo. Kwa lenzi sahili ya milimita 50, kutoka mita 3 hadi mita 12 picha inapungua kwa asilimia 1.3 hivi. Ninaiweka kwenye ukubwa wa MKONO, ikifuata fremu zilezile za fokasi. Nimejaribu kuiacha na nimejaribu kuiweka, na bila hiyo ukungu unaonekana kama kitambaa kinachopitishwa juu ya mchoro badala ya kitu kinachotokea ndani ya lenzi.

Namba zikiwa zimekaa sawa, mchoro wenyewe ndio unaoanza kulalamika. Mchoro bapa una mistari ya wino, na mstari wa pikseli 3 ukitiwa ukungu wa 17 unatoweka kabisa, hivyo mama anapotoka kwenye fokasi anapoteza mpaka wa uso wake na kubaki mabaka ya rangi. Picha ya kamera haina tatizo hilo kwa sababu haina mistari. Umbo lake limebebwa na mwanga na kivuli. Dawa niliyoiona inafaa ni kumchorea mama kivuli chepesi, hata kama wahusika wengine hawana, ili mstari ukiondoka kibaki kitu cha kushikilia umbo. Upande wa pili, ukungu mdogo mno nao ni balaa. Mstari wenye ukungu wa pikseli 1 hausemi “mbali kidogo”, unasema “faili limeharibika”. Kwa hiyo chochote chini ya pikseli 1.3 nakifanya sifuri, jambo ambalo kwa fokasi ya mita 3 linaacha eneo safi kutoka mita 2.8 hadi 3.2, panapomtosha mama na karai lake.

Ardhi inasumbua zaidi. Mchanga umechorwa kama tabaka moja, lakini unaanza chini ya miguu ya mama na kuishia chini ya ngalawa, kwa hiyo hauna umbali mmoja. Ukiupa mita 3, ngalawa yenye ukungu inakaa juu ya mchanga mkavu ulio wazi kabisa; ukiupa mita 12, mama anaelea. Mchanga lazima ukatwe vipande vya mlalo, na mimi huona vinne vinatosha, kila kimoja na umbali wake na kingo zilizolainishwa kuingia katika mwenzake. Kinachoamua ni pale miguu inapogusa chini: kipande kilicho chini ya mguu lazima kiwe na umbali uleule wa mwenye mguu, hata kama vingine vimekisiwa.

Mwanga wa jua juu ya maji ndio sehemu ninayoipenda, na ndiyo inayofichua haraka kwamba kazi imefanywa kwa pupa. Kila kimeta cha maji kilicho nje ya fokasi hugeuka kuwa duara safi lenye ukingo. `Gaussian Blur` haiwezi kutoa duara hilo, inatoa wingu. Ndiyo sababu ya kutumia athari inayoiga lenzi. Lakini hata athari sahihi hushindwa ikiwa kimeta kimechorwa kwa nyeupe ya kawaida. Duara la kipenyo cha pikseli 22 lina pikseli karibu 400 ndani yake, na pikseli moja nyeupe ikigawanywa kwa 400 hakuna atakayeiona. Kimeta halisi kinang'aa mara nyingi kuliko karatasi nyeupe, ila mchoro hauna nafasi ya kulisema hilo. Nikaweka vimeta kwenye tabaka lao, nikaupandisha mradi mzima hadi biti 32 kwa kila chaneli na kuwasha `Linearize Working Space`, kisha vimeta nikavipa mwanga mara 50 ya nyeupe na kuendelea kupandisha hadi maduara yakatokea. Kwa kompyuta isiyomudu hayo, chora maduara kwa mkono na uyakuze kwa kitelezi cha fokasi. Si aibu.

Baki ukingo wa fremu, ambao ulinigharimu usiku mzima. Nilichora matabaka yote kwa ukubwa wa 2112 kwa 1188, yaani asilimia 10 ya ziada, na nikaona nimejihami: pikseli 96 za akiba kila upande na 54 juu na chini. Wakati huo mwandiko wangu wa kuyumba ulikuwa na nusu sentimita ya kupanda na kushuka pia. Faili lilipokamilika, chini ya nyavu mstari mweusi ulikuwa unachungulia katika fremu chache karibu na mwisho. Nilidhani ni hitilafu ya programu hadi nilipokaa kujumlisha. Mtikisiko ulikuwa ukila pikseli 15. Kuyumba kwa nusu sentimita kwenye tabaka la mita 1 kulikula 13. Kuinama kulikula 5 kwenye pembe. Ukungu wa nyavu, ambao fokasi ikiwa kwenye ngalawa unafika pikseli 61, ulikuwa ukivuta uwazi kutoka nje kwa nusu kipenyo chake, 31. Na pumzi ya lenzi ilipunguza picha kwa 7. Jumla 71, akiba 54. Mambo hayo matano hukutana kileleni kwa nadra, ndiyo maana mstari ulichungulia katika fremu chache tu, lakini tabaka la mbele ndilo linaloyabeba yote, nalo huhitaji akiba kubwa kuliko wenzake. Mbingu ile asilimia 10 iliizidi mno. Niliondoa kupanda na kushuka, nikachora upya nyavu zikiwa na pikseli 100 chini, na mstari ukaondoka.

Nyavu hizo zina jambo moja la mwisho. Uzi wake nilikuwa nimeuchora kwa unene wa pikseli 8, na fokasi inapofika kwenye ngalawa unasambazwa katika upana wa 61, kwa hiyo unabaki na chini ya robo ya rangi yake. Nyavu hazionekani tena kama nyavu bali kama utando wa kahawia uliotanda juu ya picha yote, na ngalawa iliyo nyuma yake inapauka kidogo. Mwenzangu aliyepaka rangi alikasirika kwa haki, akisema ngalawa tuliyoisubiri kwa fremu 46 imekuja imefifia. Kamera halisi ikitazama kupitia uzio hufanya hivyohivyo. Tulikubaliana kuzisogeza nyavu kushoto hadi zikafunika theluthi ya fremu tu: upande wa mama ukabaki na utando, na ngalawa ikapata hewa safi.